Waya wa vichwa vitatu ulivyonikimbizia wateja siku ya malipo ya korosho

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nachingwea, anayefungua kibanda cha uwakala wa pesa, aliniandikia: "Kaka, nimeona waya mmoja wa kuchajia wenye vichwa vitatu, bei poa. Nichukue?" Nilicheka, lakini kile kicheko cha aliyeumwa na nyoka akionyeshwa ung'ongo.

Mimi niliuchukua. Ilikuwa Novemba, nipo Tandahimba, na malipo ya korosho yalikuwa yameingia kwa wakulima asubuhi hiyo. Tangu saa moja foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe. Umeme ukakatika saa tatu. Sikuhangaika, kwa sababu nilikuwa na pawabanki iliyojaa na waya wangu mpya: kichwa cha Taipu-C kwenye simu ya kwanza ya uwakala, kile cha zamani chembamba kwenye ya pili, na cha aifoni kwenye simu yangu mwenyewe, inayozirushia mtandao zile mbili. Zote tatu zikaonyesha alama ya kuchaji. Nilijiona fundi kweli kweli.

Saa nne na nusu simu ya kwanza ilikuwa asilimia 11. Alama ya kuchaji bado ipo, ila namba inashuka. Saa tano ikazima, mama mmoja akiwa ameshaingiza namba ya siri kwenye simu yake na mimi sioni muamala umefika au haujafika. Akasema, "Mwanangu, hela yangu iko wapi?" Waliokuwa nyuma yake hawakusubiri jibu. Wakahamia kwa jirani.

Sasa hesabu, ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Pawabanki yangu imeandikwa ubavuni 5V 2A. Zidisha: wati 10. Hizo wati 10 haziongezeki kwa sababu waya una vichwa vitatu, maana vyote vinatoka kwenye tundu moja, kama bomba moja lililofungiwa mipira mitatu. Tena hazigawanywi sawa kama mafungu ya samaki. Simu yenye njaa kubwa huvuta zaidi, nyingine zinabaki na matone. Tuseme kila moja ilipata wati 3 na kidogo. Simu ambayo kioo kimewekwa mwanga wa mwisho kwa sababu ya jua, na mtandao unafanya kazi bila kupumzika, inaweza kula hizo hizo wati 3 au zaidi. Kwa hiyo betri haikuwa ikipata kitu, ilikuwa ikitoa.

Na hata wati 10 zenyewe hazikufika. Nilimpelekea fundi akachomeka kile kipimo kidogo cha volti upande wa simu: pawabanki inatoa volti 5, mwisho wa waya zinafika 4.4. Nyingine zimepotelea njiani zikageuka joto, kwa sababu nyuzi za shaba ndani ni nyembamba kama za kushonea. Volti zikishuka hivyo, simu yenyewe hupunguza uvutaji. Ukishika waya wako ukaukuta una moto wakati wa kuchaji, ujue unalipia joto.

Kuhusu chaji ya haraka, usijidanganye. Simu na chaja hukubaliana kwanza, ndipo chaja inapanda kutoka volti 5 hadi 9 kwa mfano. Vichwa vitatu vilivyoungwa pamoja haviwezi kufanya hivyo kwa usalama: ukipandishia kimoja, umepandishia vyote, na simu ya jirani haikuomba volti 9. Ndiyo maana nyaya nyingi za hivi hubaki kwenye volti 5. Ile "100W" ya kwenye boksi, hata ikiwa kweli, ni ya kichwa kimoja kikiwa peke yake. Kompyuta mpakato inayotaka volti 20 usiipelekee kabisa. Na ukitaka kuhamisha picha, mara nyingi utakuta nyaya za kupitisha data hazimo, au zimo kwenye kichwa kimoja tu.

Dada yangu, nisikilize. Kibandani nunua chaja yenye matundu mawili, usome jumla ya nguvu iliyoandikwa kwa matundu yote pamoja, halafu kila simu na waya wake, mnene na mfupi. Ukitaka kujipima, chomeka simu moja kwenye waya wa vichwa vitatu; ikiandika "Inachaji haraka", ongeza ya pili kwenye waya huo huo uone maneno yanavyobadilika. Watu wanapenda rahisi, ndiyo maana mnaliwa. Mimi sasa nina vibanda viwili na simu haijanizimikia tangu msimu ule.

Ule waya sijautupa. Upo nyumbani, unachaji simu ya kitochi ya bibi usiku, moja peke yake, na kwa kazi hiyo hauna kosa. Jirani yangu ndiye hajasahau: kila asubuhi akipita ananiuliza, "Leo chaji imejaa?"