Re: Nifunge nyuzi paundi ngapi, tenisi na badminton?

"Wakuu nimepeleka raketi mbili kwa fundi, moja ya tenisi moja ya badminton, kaniuliza nifunge paundi ngapi nikabaki namtolea macho. Jamaa wa uwanjani ananiambia kaza sana upate kontroli. Shida yangu kiwiko kinauma upande wa nje hasa siku baada ya tenisi. Nishaurini."

Mkuu, huyo jamaa wa uwanjani kasema nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonilaza nje wiki sita mwaka juzi. Kabla ya namba yoyote muulize fundi uzi gani anaufunga, maana paundi 52 za poliesta na paundi 52 za nailoni laini ni vitu viwili tofauti kabisa mkononi, namba ile ile lakini moja ni kama kupiga ukuta.

Iko hivi. Mpira ukigonga raketi lazima kitu kibonyee, aidha nyuzi aidha mpira wenyewe. Nyuzi zikibonyea zinakurudishia karibu nguvu yote, mpira wa tenisi ukibonyea unakula nguvu nyingi humo ndani kwenye raba yake na hairudi. Kwa hiyo nyuzi zikilegea kidogo nyuzi ndizo zinafanya kazi kubwa na mpira unatoka umeshiba, zikikazwa mpira ndio unabonyea na pawa inapungua. Ila usidhani kasi inaongezeka sana, ukitoa paundi mbili tatu tofauti ya kasi ni ndogo mno. Unachokiona ni mpira kutua mbele zaidi, kwa sababu umekaa kwenye nyuzi kitambo kidogo zaidi huku raketi inapanda, basi unatoka kwa pembe ya juu. Ndiyo maana mtu akikaza anasema nimepata kontroli, kumbe mipira yake imeanza tu kutua mita moja nyuma ya ilipokuwa inatua.

Sasa mimi. Raketi yangu ya tenisi imeandikwa kwenye shingo 50-60 lbs, mipira ilikuwa inatoka nje ya mstari wa nyuma, nikamwambia fundi weka poliesta 58 kama wanavyocheza wale wa kwenye TV. Wiki mbili za kwanza safi, nikajiona bingwa. Halafu mpira ukaanza kutua katikati ya uwanja, wapinzani wanauvamia, nikawa nasukuma kwa nguvu zaidi ili ufike mbali, na hapo ndipo kiwiko kilipoingia. Nilikijua siku moja asubuhi nikinyanyua sufuria ya chai, mkono ukaachia wenyewe. Shtuko likija kwenye nyuzi ngumu linakuja lote kwa mkupuo, na ukiongeza na kupiga kwa nguvu kwa sababu mpira haufiki basi umejichongea mara mbili.

Na poliesta ina uongo mwingine. Uzi wowote unalegea, ukitoka tu kwenye mashine siku ya kwanza unapoteza sehemu ya kukaza kwake, lakini poliesta inalegea huku ile springi yake inakufa, kwa hiyo inakuwa haina pawa, haina ulaini, na mpira unatoka kwa namna usiyoitegemea. Na kwa sababu haikatiki mtu anaicheza mwaka mzima anasema uzi mzuri huu haukatiki! Yangu ilikuwa imekufa mwezi wa kwanza na mimi nikawa nalaumu forihendi yangu.

Nilipopona (nilipumzika, daktari wa mazoezi ya viungo akanipa mazoezi ya kigasha, usije ukadhani nyuzi peke yake zinatibu) fundi akaikata yote akaweka nailoni ile ya nyuzinyuzi nyingi ndogo, 52. Aisee kiwiko kikatulia ila mipira ikaanza tena kutoka, kama nusu mita nyuma ya mstari, siku nzima. Nikarudi, tukapanda mbili tu, 54. Nikacheza wiki tatu, mipira ikakaa ndani. Nipo hapo mpaka leo. Hiyo ndiyo njia, paundi mbili kwa mara moja, uzi uleule, fundi yuleyule, mashine ileile. Mashine hazifanani, ile ya kusota kwa mkono inayojifunga ikifika namba huwa inaacha nyuzi zimelegea zaidi kuliko ile ya umeme inayoendelea kuvuta, kwa hiyo 54 ya fundi mmoja inaweza ikawa 50 ya mwingine. Mimi naandika namba na tarehe kwenye karatasi nabandika ndani ya begi.

Kama unadhani kulegeza ni kwa wazee, Mannarino wa Ufaransa anacheza na nyuzi chini ya paundi 30 na anashindana na wakubwa. Borg enzi zake na raketi za mbao alikuwa anafunga karibu 80. Kila mmoja na mkono wake, wewe hufungi kwa ajili ya mkono wao.

Badminton sasa. Namba ni ndogo lakini mantiki ni ileile, na watu huku ndiko wanapojiumiza kwa ufahari. Shato ni nyepesi, hewa inaikamata haraka, kwa hiyo pawa inategemea kasi ya kichwa cha raketi. Wachezaji wa kimataifa wanafunga 28 hadi 30 na zaidi kwa sababu wanapiga katikati ya nyuzi kila mara na mkono wao una kasi. Nyuzi zikikazwa ile sehemu tamu ya katikati inapungua, ukigusa pembeni kidogo shato inaanguka kama imepigwa na sahani. Nilishaweka 27 nikashindwa kurusha kutoka mstari wa nyuma hadi wa nyuma, ikawa inaishia katikati na jamaa wananismeshi bila huruma. Nimerudi 24, shato inafika, bega limetulia. Mwanzoni ningekwambia 22 au 23, na uzi mnene kama BG65 maana unadumu.

Angalia namba kwenye fremu, zangu zimeandikwa 20-28 lbs, ukipita ile ya juu fremu inaweza kuvunjika hata kwenye mashine. Na uzi ukikatika mmoja usiache zilizobaki zimekaza, zinavuta fremu upande mmoja. Chukua mkasi ukate zote hapohapo uwanjani ukianzia katikati kwenda nje. Yangu moja niliiacha usiku kucha, asubuhi nikakuta ufa juu pembeni mwa kichwa cha raketi kama umechorwa na kalamu.

Usiiache kwenye gari juani pia, joto linalegeza nyuzi, utapimaje mabadiliko ya paundi mbili kama gari limeshatoa zake?

Kwa kiwiko chako, kwenye tenisi usiguse poliesta sasa hivi, nailoni laini kwenye namba ya chini iliyoandikwa kwenye fremu au moja juu yake, halafu pandisha mbili kama mipira inatoka. Badminton 23. Halafu tuambie hiyo raketi ya tenisi imeandikwa ngapi shingoni na huo uzi wa sasa una muda gani, maana nahisi ni mfu zamani.