Kikomo cha saini ya pili: malipo makubwa ya shule ya bweni yapite kwa watu wawili kabla muuzaji hajalipwa

Mimi ni mhasibu, na kazi hii nimeifanya zaidi kwenye shule binafsi za bweni hapa Tanzania, kwa hiyo nitaongelea huko huko ninakokujua. Shule ya bweni inanunua kila siku jamani, mahindi, maharage, mchele, mafuta ya kupikia, kuni, dizeli ya basi, dawa za usafi, na ukiangalia vizuri unakuta anayesema kitu kimeisha, anayemtafuta muuzaji na anayepatana bei ni mtu yule yule, halafu mhasibu analipa kwa sababu ameambiwa alipe. Mwenye shule akiona hivyo anatoa waraka: malipo yoyote yanayozidi kiasi fulani lazima yapitishwe na mkurugenzi. Waraka unabandikwa ofisini, na baada ya miezi miwili hela zinatoka vile vile kama zamani.

Sababu ni kwamba waraka hauzuii hela. Hela inazuiwa pale inapotokea. Kama shule inalipa wauzaji kwa simu, laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la shule lakini namba ya siri anayo mtu mmoja, basi huyo mtu anaweza kulipa milioni tatu saa nne usiku na hakuna kitu kitakachomuuliza. Fomu utaiona kesho, hela imeshafika. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachowashauri watu ni hiki, kwenye simu ya shule isikae hela inayofika kikomo. Kama kikomo ni milioni moja na nusu, simu iwe na laki tano, sita hivi za nyanya na vocha na nauli za haraka, ikiisha inajazwa kutoka benki, na kila kujazwa kunaambatana na risiti za zile zilizotumika. Hela nyingine yote ikae benki.

Na benki nako usiache hivi hivi. Mabenki mengi yanakuruhusu kwenye huduma ya mtandao ya akaunti za kampuni kuweka mtu mmoja anaingiza malipo na mwingine anayapitisha, na unaweza kusema chini ya kiasi hiki mkuu wa shule anatosha, juu ya hapo mpaka mkurugenzi naye apitishe. Unapeleka barua pamoja na muhtasari wa kikao cha bodi, benki wanaweka. Hapo hata mhasibu akitaka kulipa peke yake haiwezekani, malipo yanabaki yanasubiri. Hundi ni hivyo hivyo, saini mbili, na tafadhali sana mkurugenzi asisaini kitabu cha hundi tupu kwa sababu anasafiri wiki mbili. Hilo nimeliona sehemu zaidi ya moja na linaondoa maana yote ya saini ya pili, sawa na tokeni ya mkurugenzi, kile kifaa cha benki cha kupitishia malipo, kukaa kwenye droo ya mhasibu "ili kazi zisikwame".

Sasa kiasi chenyewe kiwe shilingi ngapi? Watu wanapenda kuchagua namba nzuri ya mviringo, milioni moja, laki tano, bila kuangalia malipo yao. Mimi huwa naomba orodha ya malipo yote ya muhula mmoja, naipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, halafu nahesabu. Tuchukue mfano wa shule iliyolipa mara 140 kwa muhula, jumla milioni 90. Ukikata kwenye milioni moja na nusu unakuta malipo 18 tu yako juu yake, lakini hayo 18 yamebeba milioni 62, yaani karibu asilimia 70 ya hela yote. Mkurugenzi anaitwa kama mara moja kwa wiki, ana muda wa kusoma karatasi na kuuliza. Ukishusha kikomo mpaka laki tano, malipo yanakuwa 55 na yanafunika milioni 83, na kwenye karatasi inaonekana ni ulinzi mkubwa zaidi, ila sasa mkurugenzi anaitwa karibu mara tatu kwa wiki, na mtu anayeitwa mara tatu kwa wiki anaanza kupitisha akiwa kwenye foleni barabarani bila kufungua kiambatisho. Bora asaini chache anazozisoma. Hayo madogo mkuu wa shule ayapitishe, na mwisho wa mwezi mkurugenzi achomoe machache ayakague bila kutoa taarifa.

Kikomo kikishajulikana, kitakachofuata ni kukatakata manunuzi, na hapa ndipo nataka msome taratibu.

Chukua maharage. Shule inahitaji gunia 15 za kilo 100, kilo shilingi 2,600, jumla ni 3,900,000. Hiyo inatakiwa kwenda kwa mkurugenzi. Lakini ikiletwa gunia 5 Jumatatu, 5 Jumatano na 5 Ijumaa, kila moja ni 1,300,000, zote ziko chini ya kikomo, zote zimesainiwa na mkuu wa shule peke yake na kila moja ina risiti ya EFD safi kabisa. Ukikagua moja moja hutaona tatizo lolote. Na nisimsingizie mtu, wakati mwingine stoo kweli ni ndogo, au muuzaji anapokea mzigo kidogo kidogo kutoka kwa wakulima. Ndiyo maana kanuni isiandikwe kwa lugha ya kutuhumu watu, iandikwe hivi: malipo yote kwa muuzaji mmoja ndani ya siku saba yanahesabiwa kama malipo ya mara moja. Mwenye sababu nzuri ya kuleta kidogo kidogo atamuomba mkurugenzi idhini moja ya gunia zote 15, halafu mzigo uje kwa awamu anazotaka yeye.

Kuliona hilo hakuhitaji programu ya bei kubwa. Kwenye Excel weka tarehe safu ya A, muuzaji B, kiasi C, halafu safu ya D mstari wa pili andika hii na uiburute mpaka chini:

```
=SUMIFS(C:C,B:B,B2,A:A,">="&A2-6,A:A,"<="&A2)
```

Inakupa jumla ya alicholipwa muuzaji huyo kwa siku saba zinazoishia tarehe ya mstari huo. Kwenye mfano wetu Jumatatu itasoma 1,300,000, Jumatano 2,600,000, na Jumatano hiyo hiyo, kabla hela haijatoka, mhasibu anajua hili tayari ni la mkurugenzi. Ifanye siku ya kulipa, ukisubiri mwisho wa mwezi unabaki na historia tu. Kuna mwanya mmoja fomula haiuoni, muuzaji mwenye majina mawili ya biashara. Hapo angalia TIN kwenye risiti ya EFD na namba ya simu kwenye profoma, majina yakitofautiana lakini TIN ni moja, huyo ni muuzaji mmoja. Angalia pia malipo yanayojikusanya chini kidogo ya kikomo, 1,450,000, 1,480,000, 1,490,000. Yakianza kuonekana ghafla baada ya kikomo kutangazwa na kabla hayakuwepo, nenda kamuulize mhusika ana kwa ana, na uangalie mzigo wenyewe.

Halafu huyu wa pili anasaini nini hasa? Maana saini inaweza kuwepo na isiwe na kazi. Mimi namwambia mkurugenzi asiulize maswali yake kwa aliyeomba malipo, kwa sababu huyo ana majibu yote tayari. Ampigie mtunza stoo mwenyewe: yamebaki maharage kiasi gani, na yaliyoingia yamepimwa kwenye mizani au yamehesabiwa magunia tu? Gunia linaloitwa la kilo 100 likitoka na kilo 92, kwenye gunia 15 umepoteza kilo 120, kwa bei ile ile ni shilingi 312,000, na karatasi zote zitaonyesha umelipa sawasawa. Halafu alinganishe bei na profoma nyingine ambayo ameitafuta mtu mwingine. Mwisho aangalie namba ya akaunti. Kama muuzaji wa miaka yote ameleta akaunti mpya, hasa kwa imeili au ujumbe wa simu, apigiwe kwa namba ya zamani iliyoko kwenye faili, siyo iliyoandikwa kwenye huo ujumbe. Wezi wa kubadilisha akaunti wapo na wanajua kabisa invoisi kubwa hulipwa lini.

Kuna jambo la wakati pia. Idhini ikiombwa siku ya kulipa, mzigo umeshashuka na nusu umeshapikwa, mkurugenzi atakataa vipi? Muuzaji kafanya kazi yake, anadai haki yake. Kwa hiyo idhini ya kwanza iwe kwenye LPO, ile hati ya kuagizia mzigo, kabla mzigo haujaagizwa, na ya pili kwenye malipo iwe ni kuthibitisha tu kwamba kilichoagizwa, kilichopokelewa na kilichoandikwa kwenye invoisi vinafanana. Waambieni wauzaji wakubwa kwa barua kabisa kwamba mzigo unaozidi kikomo ukiletwa bila LPO yenye saini mbili shule haitaulipa haraka. Wauzaji ndio watakaokusaidia kulinda, maana hakuna anayetaka hela yake ikae.

Dharura nazo zipo. Pampu ya kisima inaungua Jumamosi, kuna watoto 400 hawana maji na mkurugenzi yuko safarini. Usiandike kanuni inayosema "isipokuwa dharura", kwa sababu ndani ya muhula mmoja kila kitu kitakuwa dharura. Taja mapema kwa jina nani anakaimu saini ya pili, na asiwe mtu anayefanya kazi chini ya anayeomba, mwalimu hawezi kumkatalia mkuu wake wa shule. Mjumbe wa bodi anayekaa karibu anafaa. Anatumiwa picha ya profoma na picha ya pampu yenyewe, anajibu kwa maandishi akitaja kiasi na jina la muuzaji, anapitisha benki kwa simu yake mwenyewe, na ujumbe ule unachapwa unaingia kwenye faili na ile risiti. Jibu la "sawa" peke yake lisikubalike, sawa ya nini na ya shilingi ngapi?

Na taarifa ya benki ya kila mwezi imfikie huyo mtu wa pili moja kwa moja kutoka benki bila kupita kwa mhasibu, hata kama mhasibu ni mimi. Achukue malipo yote yanayozidi kikomo, atafute LPO ya kila moja, halafu afungue kumbukumbu za mfumo wa benki aone saa ya kuingizwa na saa ya kupitishwa. Malipo ya milioni nne yaliyoingizwa saa 9:14 na kupitishwa saa 9:14, mwezi mzima hivyo hivyo, maana yake tokeni mbili ziko mezani kwa mtu mmoja. Siku hiyo hiyo ziombwe benki zibadilishwe, na kila mmoja akachukue yake mwenyewe.