Kidonge cha saa tatu usiku ndicho kilichokuwa kinamwamsha baba

Wiki hii dada mmoja msomaji wangu ameniandikia kuhusu mumewe. Moyo wake umedhoofika, anatumia dawa ya kutoa maji mwilini mara mbili kwa siku, na kila usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Wameambiwa ni tezi dume, wameambiwa ni uzee, na sasa wameongezewa dawa ya usingizi. Sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha: "Kidonge cha pili anakimeza akishakula chakula cha usiku, ili kisimuumize tumbo."

Dada, nilipofika hapo nilicheka kwa uchungu. Hayo ndiyo maisha tuliyoishi na baba yangu.

Baba alikuwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, na miguu yake ikifika jioni ilivimba hadi soksi zinaacha mfereji. Aliandikiwa dawa ya kutoa maji mwilini iitwayo furosemidi, miligramu 40 mara mbili kwa siku. Aliyetupatia dawa dirishani alichora kwenye pakiti "1 x 2", akasema asubuhi na usiku, akaita mgonjwa anayefuata. Baba ni mtu wa utaratibu. Alimeza kimoja saa tatu asubuhi na cha pili saa tatu kamili usiku, taarifa ya habari ikiisha, saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Nani angemlaumu? Dawa nyingi za mara mbili tumezoea kuzigawa hivyo hivyo.

Furosemidi haiendi hivyo. Ukiimeza, huanza kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, hufika kileleni kati ya saa moja na mbili, na kazi yote huisha baada ya saa sita hadi nane. Yaani kidonge cha saa tatu usiku kinafika kileleni mgonjwa akiwa ndiyo kwanza anavuta shuka, na kinaendelea kumsumbua mpaka saa tisa za usiku au zaidi. Si ugonjwa mpya. Ni dawa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila imepewa zamu isiyo yake.

Sisi hatukuambiwa hayo. Tuliambiwa tezi dume. Baba akapewa dawa ya tezi, na baadhi ya dawa hizo hushusha presha mtu anaposimama, hivyo sasa alikuwa anaamka vilevile lakini kwa kizunguzungu. Usiku mmoja alianguka kwenye korido akavunjika kifundo cha mkono. Mpaka leo nikiukumbuka mkono ule uliofungwa plasta natamani kumrudia mtu wa dirishani nimwulize kama ile dakika moja aliyookoa ilikuwa na faida.

Baada ya pale nilichukua daftari na jagi la kupimia la plastiki, nikamwambia baba: "Kila ukikojoa, usiku na mchana, kojoa humu, tuandike saa na kiasi." Kaka yangu alinicheka mbele ya shangazi, akasema nimegeuka mhasibu wa mikojo. Acha acheke. Daftari lile ndilo lililomaliza ubishi wa mwaka mzima.

Nakupa usiku mmoja kama ulivyoandikwa. Baba alilala saa nne. Saa tano alitoa mililita 400, saa sita na nusu 350, saa nane 300. Alipoamka asubuhi saa kumi na mbili, 250. Jumla ya usiku ni mililita 1,300. Mchana wote uliofuata, mpaka anaingia tena kitandani, alitoa mililita 1,000. Kwa hiyo kati ya mililita 2,300 za siku nzima, zaidi ya nusu zilitoka usiku. Kwa mtu mzima wa umri wake, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, hapo tatizo ni kwamba figo zinatengeneza maji mengi wakati wa kulala. Na unapohesabu, mkojo wa kwanza wa asubuhi weka upande wa usiku, kwa sababu ulitengenezwa mtu akiwa amelala. Ule wa kabla ya kupanda kitandani ni wa mchana.

Angalia pia kiasi cha kila safari. Mtu wa tezi dume au kibofu kisichotulia mara nyingi huamka kwa haraka halafu akatoa kidogo tu, au akasimama muda mrefu mkojo ukidondoka. Baba alikuwa anajaza jagi. Tena safari zilijibana katika saa za mwanzo, zikapungua kadiri dawa ilivyoisha. Baada ya saa nane alilala moja kwa moja mpaka asubuhi. Ukiona mpangilio wa namna hiyo kwenye daftari lako, kidonge cha usiku ndicho mshukiwa wa kwanza. Kama mkojo ni mwingi mchana na usiku pia, pamoja na kiu isiyokatika, kapime sukari.

Nililipeleka daftari kwa daktari wa moyo. Alilisoma kimya, akauliza, "Nani aliwaambia saa tatu usiku?" Kisha akaandika: kidonge cha kwanza saa mbili asubuhi, cha pili saa nane mchana. Dozi ni ileile, miligramu zilezile, kilichohama ni saa tu. Baada ya hapo usiku wa baba ulikuwa wa kuamka mara moja, mililita 250, na asubuhi 300. Hizo ni 550 kati ya 2,200, yaani robo. Kaka hakusema kitu. Mimi sikusahau kumwonyesha ukurasa.

Sasa dada, hapa ndipo watu wanapokosea njia, na nakuomba usome taratibu. Wakigundua kidonge cha pili ndicho kinachoamsha, wanakiacha kabisa. Usifanye hivyo. Mchana mtu akiwa amekaa au amesimama, maji ya ziada hushuka miguuni. Akilala, miguu inakuwa usawa mmoja na moyo, maji yale yanarudi kwenye damu, na figo zinayatoa usiku huohuo. Kwa hiyo mwenye miguu iliyovimba anaweza kukojoa usiku hata kama amemeza dawa asubuhi tu. Kidonge cha saa nane mchana kinayatoa maji hayo kabla hayajapata nafasi ya kurudi, na kazi yake inakuwa imeisha au inaishia wakati wa kulala. Kidonge kilekile kilichokuwa adui saa tatu usiku kinakuwa msaada saa nane mchana. Kanuni niliyoibeba mimi ni hii: kihesabu kidonge cha mwisho kurudi nyuma kutoka saa ya kulala, angalau saa sita. Anayelala saa nne usiku asivuke saa kumi jioni. Baba tulimwongezea na kulala mchana kama saa moja miguu ikiwa juu ya mito, naye akiamka hapo alikwenda chooni mara moja na kutoa mkojo mwingi. Bora aende wakati jua linawaka na watu wako macho.

Kuhusu tumbo: furosemidi haihitaji kusubiri chakula cha usiku. Wala usimnyime maji kutwa nzima ukidhani unamsaidia, utamkausha na presha itashuka. Kiasi cha maji fuateni mlichopangiwa kliniki, sehemu kubwa anywe kabla ya jioni, na chumvi ya chakula cha usiku ipunguzwe, maana chumvi huyashikilia maji.

Akisahau kidonge cha mchana akakumbuka saa mbili usiku, akiache, aendelee na cha asubuhi kama kawaida. Asimeze viwili kufidia. Siku ya safari ndefu wengine wanaruka dawa kwa kuogopa choo. Baba tuliruhusiwa na daktari kusogeza cha asubuhi mpaka tulipofika. Kusogeza kwa saa chache ni jambo moja, kuruka ni jambo jingine. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa. Ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, maji yanajikusanya, pigeni simu kliniki.

Wenye presha nao wasijione hawahusiki. Vidonge vingi vya presha vya mchanganyiko vina haidroklorothiazidi ndani, nayo ni dawa ya kutoa maji, soma boksi. Hiyo hufika kileleni kama saa nne baada ya kumezwa na inaweza kufanya kazi kwa muda wa hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo nafasi yake ni asubuhi. Kuna waliohamishia vidonge vya presha usiku baada ya kusikia kwamba usiku vinalinda moyo zaidi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni kwa upande wa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Kama kidonge chako kinakukojoza usiku, huna sababu ya kuking'ang'ania huko.

Kuna na mama aliyeniuliza kuhusu kijana wake anayetumia methilfenideti kwa tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia masomo. Hesabu ni ileile, ya kurudi nyuma kutoka saa ya kulala, ila namba zinabadilika. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kama saa tatu hadi nne. Kile kinachoachia dawa taratibu huenda saa nane hadi kumi na mbili, kutegemea aina. Siku za shule analala vizuri, Jumamosi halali, na mama anadhani ni simu. Muulize ameamka saa ngapi. Akimeza saa tano asubuhi kidonge kinachofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili, dawa inamfikisha saa tano usiku. Wikendi amezeshwe saa ya kawaida, kisha arudi kulala kama anataka, au mzungumze na daktari kama siku hiyo inaweza kupita bila dawa. Aina ya taratibu isivunjwe wala kutafunwa, maana dozi ya siku nzima itamwagika kwa mkupuo.

Turudi kwa mumeo. Kabla ya kugusa saa ya dawa, muulize kinachomwamsha ni mkojo au ni pumzi. Kama anaamka akihema, anakaa kitako ili apate hewa, au ameongeza mito, hapo suala si saa ya kidonge tena: mpeleke hospitali leo, usingoje daftari. Kama ni mkojo tu, anza kupima usiku huu, siku mbili tatu zinatosha, kisha nenda na karatasi hiyo kwa daktari aliyemwandikia dawa na mwulize kama kidonge cha pili kinaweza kuhamia saa nane mchana. Mwonyeshe na ile dawa ya usingizi. Mtu aliyelewa usingizi anayelazimika kuamka mara nne kwenda chooni gizani ndiye anayeanguka.