Mbega mwekundu: picha ilipigwa wapi?

"Nimeweka picha ya mbega mwekundu, mbona mnaniuliza nilipiga wapi? Si mnamwona?"

Ndugu yangu, utosi mwekundu tunauona. Ila anao mbega wa Gombe na Mahale, huku kwetu Kigoma, na anao yule wa Udzungwa pia, na hao ni spishi mbili. Kwa picha ya mbali, yenye kivuli cha majani, rangi ya mgongo hudanganya. Mahali hapadanganyi: wote ni wa msituni, na kati yao kuna mamia ya kilometa za nchi kavu, miombo ya Tabora ikiwemo, wasizovuka. Ukisema Gombe, jibu limepatikana. Ukisema Mang'ula, ni yule mwingine. Picha iliyopitia Wasapu hupoteza taarifa za mahali, kwa hiyo andika kijiji au bonde.

Lakini kwa kima usitegemee mahali peke yake. Gombe wapo kima wa kawaida na kima mkia-mwekundu, tena huzaliana. Hapo tunahitaji uso na mkia: mkia-mwekundu ana doa jeupe puani, na chotara huchanganya alama za wote wawili.