"Kumi, na tano ya chakula": kwa karani mpya anayefupisha simu za karo

Ukianza kazi kwenye ofisi ya karo hapa Nairobi, utapewa vipokea sauti na rekodi za simu za wazazi, na kila simu uitolee mambo matatu: deni ni kiasi gani, tumekubaliana lilipwe vipi, na tarehe gani zimeahidiwa. Nitakuonyesha kwa simu moja niliyoikosea, kwa sababu kosa lile lilimfikia mtoto.

Simu ilipigwa Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025. Leja ilionyesha mwanafunzi ana salio la shilingi 26,500: 12,500 za muhula wa tatu wa mwaka uliopita na 14,000 za muhula huu. Mama yake akasema, "Nadaiwa ishirini na mbili." Mara nyingi karani mgeni huandika takwimu moja tu, ya leja au ya mzazi. Andika zote mbili, na useme tofauti imetoka wapi. Mama alikuwa ametuma 4,500 kwa Peibili, lakini pale pa nambari ya akaunti akaweka jina la mtoto badala ya nambari yake ya usajili. Pesa zilifika benki ya shule ila hazikuingia kwenye jina la mtu. Kwa hiyo muhtasari unasema: leja 26,500, mzazi anasema 22,000, 4,500 zinatafutwa, mzazi atatuma ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala. Usizipunguze wewe kwenye deni. Mhasibu ndiye atakayezihamisha akishaziona.

Kisha mama akasema maneno haya: "Ijumaa ijayo nitatuma kumi, na tano ya chakula, hizo zingine mwisho wa mwezi nikilipwa."

Mimi niliandika: 15,000 za karo, tarehe 14. Sikusikia pale alipovuta pumzi baada ya "kumi". Tarehe 14 alilipa 10,000 za karo na 5,000 za chakula, ambazo zina akaunti yake na hazimo katika lile deni. Alitimiza neno lake lote. Lakini leja ya karo ilionyesha 10,000 dhidi ya ahadi yangu ya 15,000, ujumbe wa kudai ukaenda, na Jumatatu mtoto akarudishwa nyumbani. Mama alikuja ofisini ameshika simu yake, ujumbe wa malipo uko wazi. Bado naumia nikikumbuka.

Tangu siku hiyo, kila penye kiasi narudisha rekodi nyuma na kusikiliza mara ya pili, nikijiuliza hizo pesa ni za nini. Kiswahili chetu hutumia "na" ileile ndani ya namba moja, kama kumi na tano, na pia kati ya vitu viwili tofauti; kinachotenganisha ni kituo cha sauti tu. Kando ya kiasi andika dakika kilipotajwa, kwa mfano 3:20, ili mwenzako asisikilize simu nzima. "Thao" na "ngiri" ziandike kwa tarakimu, 1,000, maana anayesoma huenda hakuzoea Sheng.

Tarehe nazo hesabu kuanzia siku ya simu, si siku unayosikiliza. Hiyo "Ijumaa ijayo" iliyosemwa Alhamisi inaweza kuwa kesho yake au wiki ya pili. Hapa tuliokoka kwa sababu karani aliyepokea simu alijibu, "Sawa mama, tarehe kumi na nne," naye mama akaitika. Bila jibu kama hilo, andika maneno yenyewe na uweke alama kwamba mzazi apigiwe.

Sasa "hizo zingine". Hakutaja kiasi. Zinaweza kuwa 16,500, au 12,000 zile 4,500 zikipatikana. Usimjazie. Andika: salio lililobaki, kiasi hakikutajwa, mwisho wa Machi, kwa sharti la mshahara. Hilo "nikilipwa" ni sehemu ya ahadi. Ukiliacha nje umemfunga kwa jambo ambalo hakulisema. Alisema pia, "Nitaongea na baba yao aongeze kidogo." Hiyo si ahadi, wala haina tarehe, kwa hiyo haiingii kwenye mpango.

Makubaliano yanahitaji pande mbili. Mzazi akiomba alipe kwa awamu tatu na karani akajibu, "Nitamuuliza mwalimu mkuu," hilo ni ombi linalosubiri jibu. Liandike hivyo, na jina la anayesubiriwa.

Ugonjwa au matatizo ya nyumbani ambayo mzazi ameyasimulia usiyaweke kwenye muhtasari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuchukue taarifa zinazohitajika kwa kazi tu, na hapa sharti la mshahara linatosha.

Siku hizi, kabla sijafunga faili, namtumia mzazi ujumbe mfupi: "10,000 karo na 5,000 chakula tarehe 14 Machi, salio mwisho wa Machi ukilipwa. Kama si hivyo, tujulishe." Mzazi akisahihisha, muhtasari naubadilisha siku hiyohiyo na kuandika kwamba amesahihisha yeye.