Kichwa kinachopoa ukilala

"Nikisimama kichwa kinaniuma, nikilala kinapoa. Sijaanguka wala kudungwa mgongoni. Ni nini?"

Mweleze daktari hivyo hivyo, na umtajie kinaanza kuuma baada ya dakika ngapi ukisimama, na kinapoa baada ya ngapi ukilala. Shemeji yangu, muuza mitumba wa Kibuye hapa Kisumu, aliamka salama, lakini kufikia saa nne kisogo kilimvuta na masikio yakaziba. Akijilaza robo saa, kwisha. Alimezeshwa dawa za malaria, halafu za kipandauso (bure tu). Picha ya CT ilitoka safi.

Kumbe utando unaozunguka uti wa mgongo ulikuwa umepasuka wenyewe, maji yakivuja polepole. Ubongo huelea ndani ya maji hayo. Yakipungua, ubongo hushuka unaposimama. MRI ya kichwa, ile ya kudungwa dawa ya kung'arisha, ilionyesha utando wa ubongo umenenepa na kung'aa. Wengine hata hiyo hutoka safi.

Kulala na kahawa hakukutosha. Alitolewa damu mkononi, kama mililita 20, ikadungwa kiunoni, nje ya utando, ili izibe. Akakatazwa kuinama na kubeba marobota kwa wiki kadhaa.

Maumivu yasipopoa tena hata ukilala, au ukisinzia ovyo, kimbia hospitali siku hiyo hiyo: huenda damu inavujia juu ya ubongo.