Siku za likizo zilizobaki na bonasi ya Februari: tarehe 31 Desemba unadaiwa shilingi ngapi?

"Kaka habari, tuna duka la vipuri Gerezani, wafanyakazi 7. Mkaguzi anataka niweke deni la likizo kwenye hesabu za Desemba. Sasa hawa watu mishahara ya miezi yote 12 nimeshawalipa, nikiweka na likizo si nawalipa mara mbili?" (Mhasibu, Tabata)

Hulipi mara mbili, ila nakuelewa maana hata mimi nilipoanza kazi hii niliona kama wizi wa kalamu. Tuchukue kijana wako mmoja wa stoo. Ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka, mwaka huu kaenda siku 14 tu kwa sababu kontena lilikuwa linashuka na bosi akamwambia subiri, kwa hiyo zile siku 14 nyingine alikuwa kazini anakuuzia mali wakati kihalali angekuwa kwao Lushoto. Mwakani ataenda, atakaa nyumbani na mshahara utausukuma kama kawaida. Ule mshahara wa kukaa nyumbani kauzalisha mwaka gani? Mwaka huu, jasho lake limeshaingia kwenye mauzo ya mwaka huu. Ndio maana gharama inakaa mwaka huu na deni linaonekana kwenye mizania ya tarehe 31 Desemba, kwenye madeni ya muda mfupi.

Na usisubiri aandike barua ya kuomba. Deni halizaliwi siku anayoomba wala siku anayoondoka, linazaliwa kidogo kidogo kila siku anayofanya kazi, mradi siku ambazo hakuzitumia anaweza kuzihamishia mwaka unaofuata. Kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inawezekana, mwajiri anaweza kusogeza likizo mpaka miezi 6 baada ya mzunguko wa mwaka kuisha, na mpaka 12 kama mfanyakazi kakubali na kazi kweli zimebana.

"Siku 28 nazidisha na mshahara wa siku, lakini mshahara wa siku nagawanya kwa 26 au 30? Kila mtu ananiambia lake." (Yule yule wa Tabata)

Hapa ndipo pesa inapopotea, tukae kidogo.

Siku 28 za sheria ni siku za mfululizo, za kalenda, Jumapili imo ndani na hata sikukuu ikiangukia humo imo. Sasa 26 imetoka wapi? Imetoka kwenye kanuni ya sheria hiyo hiyo ya kutafuta mshahara wa siku, mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333 halafu unagawa kwa idadi ya siku anazofanya kazi kwa wiki. Mtu wa siku 6 kwa wiki inakuja kama 26, mtu wa siku 5 inakuja kama 21.67. Kwa hiyo 26 ni siku za KAZI na 28 ni siku za KALENDA, ukizichanganya umeshakosea, na ushahidi ni kwamba 28 ukigawa kwa 26 unapata zaidi ya mwezi mzima wakati likizo yenyewe ni wiki 4 tu, haifiki mwezi.

Badilisha siku kwanza. Wiki 4 kwa mtu wa siku 6 ni siku 24 za kazi, kwa mtu wa siku 5 ni 20. Kijana wa stoo analipwa 780,000 kwa mwezi, gawa kwa 26 unapata 30,000 kwa siku. Kaenda nusu, kabakiza siku 12 za kazi, deni ni 360,000. Ukichukua zile 14 za kalenda ukazidisha na 30,000 unapata 420,000, yaani elfu 60 hewa kwa mtu mmoja, zidisha kwa watu 7 uone.

Kuna kingine wanakisikia cha "siku moja kwa kila siku 13", hicho sheria inakitumia kumlipa anayeacha kazi kabla likizo yake haijakamilika. Hakipingani na haya, siku 365 gawa kwa 13 ni 28, siku 313 za kazi gawa kwa 13 ni 24, hesabu ni ile ile mradi usichanganye aina za siku.

Halafu ongeza mchango wa mwajiri. Hiyo 360,000 ikilipwa kama mshahara wa likizo itakwenda na NSSF ya mwajiri, tuseme asilimia 10, ni 36,000, na WCF asilimia 0.5 ni 1,800. Jumla 397,800. SDL mko chini ya watu 10 haiwahusu. Na kama bosi ameshasaini nyongeza ya Januari, kijana anapanda kuwa 832,000, basi tumia 32,000 kwa siku badala ya 30,000, kwa sababu unachopima ni pesa unayotarajia kulipa akienda, na akienda atakuwa kwenye mshahara mpya.

"Nilirithi hesabu kwa mhasibu aliyeondoka, deni la likizo linapanda kila mwaka na watu wanaenda likizo kama kawaida. Tatizo nini?" (Mikocheni)

Tatizo ninalijua kwa jina maana nililifanya mwenyewe kwenye kampuni moja nitakayoiacha bila jina. Mwisho wa mwaka unapiga jumla mpya ya siku zilizobaki, unaiingiza YOTE kama gharama, na ile ya mwaka jana unaiacha imelala pale pale. Kinachotakiwa kuingia kwenye gharama ni tofauti tu.

Tuchukue ofisi ya watu 7, mishahara yao wote kwa siku moja ya kazi ni 180,000, pamoja na NSSF na WCF inakuwa 198,900. Mwaka jana deni lilikuwa 1,326,000. Mwaka huu umehesabu rejista ukapata 1,989,000. Unadebiti gharama za likizo 663,000 na kukrediti deni la likizo 663,000, deni linasomeka 1,989,000, umemaliza. Yule ndugu alikrediti 1,989,000 nzima juu ya ile ya zamani, deni likasoma 3,315,000 na faida ikapungua bure.

Namna ya kumkamata ni rahisi, chukua deni ugawe kwa gharama ya siku moja ya ofisi nzima. 1,989,000 kwa 198,900 ni siku 10, yaani kwa wastani kila mtu kabakiza siku 10, inaingia akilini. 3,315,000 ni karibu siku 17, bado unaweza kudanganyika. Lakini akirudia tena mwaka wa tatu inafika 5,304,000, hapo ni karibu siku 27 wakati haki ya mwaka mzima ni 24 na watu walikuwa wanaenda likizo! Hapo ujue jumla haitoki kwenye rejista, inatoka kwenye makosa ya miaka iliyopita. Fungua rejista, hesabu mtu kwa mtu, fomu za likizo zilizosainiwa mkononi, usikubali ile ya "nakumbuka alienda Juni".

"Tuna binti kaanza Oktoba, hajafikisha miezi 6, HR anasema hana likizo ya malipo kwa hiyo nisimuweke. Sawa?" (Mbagala)

HR yuko sawa kwamba leo hawezi kwenda, ila kwenye hesabu mimi ningemuweka. Siku zake zimeshaanza kujikusanya tangu siku ya kwanza, miezi 3 ya siku 24 ni siku 6 za kazi. Unachojiuliza ni kama atabaki mpaka azitumie. Kama kwenu wapya wengi wanaondoka kabla ya miezi 6, punguza kwa uzoefu huo, usiweke sifuri tu kwa sababu ni rahisi.

"Bosi kila Februari anatoa mshahara wa ziada, miaka minne sasa. Mwaka huu hajasema kitu, anasema 'tutaona'. Niweke au nisiweke?" (Kariakoo)

Weka. Mkataba haujaandika kitu najua, lakini miaka minne mfululizo watu wanapokea, wameshakopa na ada za watoto wakiitegemea hiyo Februari, bosi naye akiwa mkweli anajua hawezi kuwaambia hapana bila ofisi kuwaka moto. Mazoea ya namna hiyo yanatengeneza deni hata bila karatasi, mradi kiasi unaweza kukikadiria, na hapa kinajulikana, ni mshahara mmoja. Bosi akitaja kiasi kamili Januari kabla hesabu hazijasainiwa, rekebisha kile ulichoweka Desemba kifanane.

Sasa igeuze. Kampuni haijawahi kutoa bonasi, tarehe 20 Januari bosi kafurahi na hesabu akasema kila mtu apewe laki tatu. Hiyo ni ya mwaka mpya, tarehe 31 Desemba hakukuwa na ahadi wala mazoea. Wahasibu wengi wanairudisha Desemba ili kupunguza faida, mkaguzi atakuuliza ahadi ilitolewa lini na utakosa la kusema.

"Meneja wetu mkataba unampa asilimia 5 ya faida baada ya kutoa bonasi yenyewe. Nashindwa pa kuanzia, faida inategemea bonasi na bonasi inategemea faida." (Mikocheni tena)

Anza na likizo kwanza. Tuseme faida kabla ya vyote ni 84,663,000. Toa ile tofauti ya likizo 663,000 inabaki 84,000,000. Ukiruka hatua hii ukapiga asilimia 5 moja kwa moja kwenye 84,663,000 unapata 4,233,150 na umemzidishia meneja.

Sasa lile fumbo. Faida ya mwisho ni 100, bonasi ni 5 juu yake, jumla ni 105. Kwa hiyo 84,000,000 zidisha 5 gawa kwa 105, unapata 4,000,000. Hakiki: faida inabaki 80,000,000, asilimia 5 yake ni 4,000,000, imekaa. Mkataba ungesema faida KABLA ya bonasi ungepiga 5 kwa 100 tu ukapata 4,200,000, laki mbili nzima kwa neno moja, soma mkataba sio kumbukumbu ya meneja. Na kodi ya kampuni inakuja baada ya hapo, isipokuwa mkataba useme faida baada ya kodi.

"Hiyo 4,000,000 niweke kamili au nikishatoa PAYE?" (huyo huyo)

Kamili. PAYE ni ya meneja, wewe unaikata tu siku ukimlipa, ukimlipa Februari inaingia kwenye PAYE ya Februari na TRA wanaitaka kufikia tarehe 7 Machi.